Mwezi Ulipojaa Jumapili

Nimefundisha historia ya kanisa miaka ishirini na sita katika shule moja ya sekondari hapa Morogoro mjini, na katika mada zote hakuna niliyoipenda kama ugomvi wa tarehe ya Pasaka. Wanafunzi walikuwa wakisinzia kwenye mada ya watawa, wakisinzia kwenye mada ya vita vya msalaba, lakini nikifika pale maaskofu wanapotengana kwa sababu ya siku ya kula, darasa zima linaamka. Nilijua kuisimulia. Najuta kwamba nilijua kuisimulia vizuri namna ile, maana ujuzi huo ndio uliomnyima mama yangu kitu cha mwisho alichokiomba hapa duniani.

Mama alikuwa mkulima wa njegere na karoti huko juu Mgeta, kwenye miteremko ambayo mtu wa mjini akisimama juu yake kizunguzungu kinamshika. Alituzaa wengi, tukabaki wawili: mimi na mdogo wangu wa kiume, fundi wa malori ya miwa kule Turiani. Sisi ni Wakatoliki wa tangu enzi za babu. Nyumbani kwetu Pasaka ilikuwa na utaratibu wake ambao haukuandikwa popote: mama anachinja, anapika na ndizi, anapakua kwenye sinia moja la bati, na watoto wote wanakula humo humo, hata wakiwa na mvi. Ambaye hakufika anatengewa fungu lake kwenye jani la mgomba, linawekwa juu ya kichanja, hadi aje alile au lioze.

Mdogo wangu alipooa mwanamke wa Iringa ambaye ukoo wake ni Waorthodoksi, alifungia ndoa katika kanisa lao na akabaki katika kanisa hilo. Mama hakulalamika. Alisema Mungu ni yule yule na msalaba ni ule ule. Lililomshinda lilikuja mwaka 2021, Pasaka ya kwanza baada ya ndoa hiyo. Yetu iliangukia tarehe nne Aprili, yao tarehe mbili Mei. Mdogo wangu alipanda milima kuja kumwona mama, akakaa mbele ya sinia, akala ndizi kavu na maharage. Walikuwa bado kwenye mfungo, na mfungo wao ni mkali: hakuna nyama, hakuna mayai, hakuna maziwa.

"Mwanangu, umekinai mkono wangu?" mama alimuuliza.

"Hapana mama. Kwetu bado Bwana hajafufuka."

"Hajafufuka? Na mimi asubuhi hii nimetoka kuimba aleluya ya nani?"

Mimi nilicheka. Ningeweza kunyamaza, lakini nilicheka, kisha nikaanza somo.

Niliwaambia kwamba ugomvi huo ni mkubwa kwa umri kuliko Biblia walizozishika. Yesu aliuawa wakati wa Pasaka ya Wayahudi, na Wayahudi huihesabu kwa mwezi wa angani: mwezi ukiandama ni siku ya kwanza, na siku ya kumi na nne, ukiwa umejaa, mwanakondoo huchinjwa. Makanisa ya Asia Ndogo, kule Efeso na Smirna, yaliishika siku hiyo hiyo ya kumi na nne. Ikiangukia Jumanne, wanafungua mfungo Jumanne. Walidai wamepokea hivyo kutoka kwa yule mtume aliyeegemea kifuani pa Bwana. Roma na makanisa mengi mengine walisema hapana, Bwana alifufuka Jumapili na mfungo hauvunjwi siku nyingine. Kwa hiyo ndani ya mji mmoja wa Roma, wageni wa Asia walikuwa wakishangilia huku majirani zao wangali wanafunga.

"Kama humu ndani leo," mama alisema.

Katikati ya karne ya pili, askofu wa Smirna, mzee sana, alisafiri hadi Roma, na jambo hilo likawa mojawapo ya mazungumzo yake na askofu wa huko. Hakuna aliyemgeuza mwenzake. Yule wa Roma, kwa heshima, akamwachia mgeni wake aongoze ekaristi katika kanisa lake, na wakaagana kwa amani, kila mmoja na siku yake. Nilipofika hapo mdogo wangu alitabasamu na kusema, "Si umeona, dada? Walikula pamoja." Nikamwambia asubiri, hadithi haijaisha. Nilikuwa na haraka ya kumfikisha mahali ambapo upande wangu unashinda.

Miaka arobaini hivi baadaye Roma ilipata askofu mwingine, mtu asiyependa mambo nusunusu. Aliagiza mikutano ya maaskofu kila upande, na karibu wote wakakubali Jumapili. Efeso ikakataa. Askofu wake akajibu kwamba jamaa zake saba walikuwa maaskofu, yeye ni wa nane, ana miaka sitini na mitano katika Bwana, na hatishwi. Yule wa Roma akaandika barua ya kuwakata Waasia wote kutoka katika ushirika. Maaskofu wenzake hawakupendezwa. Askofu wa Lioni, mji wa Ufaransa ya leo, ambaye utoto wake aliutumia Smirna ingawa yeye mwenyewe alishika Jumapili, alimwandikia kumkemea: watu wanatofautiana hata kwenye urefu wa mfungo, mmoja siku moja, mwingine mbili, mwingine saa arobaini, na bado wameishi kwa amani. Kupishana kwa mfungo, alimwambia, kunaonyesha tu kwamba imani ni moja.

Sehemu hiyo ya Lioni niliipitia mbiombio siku ile. Darasani ndiyo niliyokuwa nikiitungia maswali ya mtihani.

Mwaka 2022 na 2023 tulipishana wiki moja. Jumapili yetu ya Pasaka kwao ilikuwa ya Matawi. Mdogo wangu alikuja miaka yote miwili na kukaa pembeni ya sinia, na mama alizidi kusinyaa. Mara ya pili hakupakua kabisa kwenye sinia, alitugawia kila mtu sahani yake kama mama ntilie. Nilimsikia akimwambia jirani yake, mjane anayekaa ng'ambo ya kijito, kwamba watoto wake wawili wamemgawana katikati.

Kisha ikaja 2024, mwaka ninaotamani nipewe tena. Mwezi ulijaa tarehe ishirini na tano Machi, sisi tukala Pasaka Jumapili iliyofuata, thelathini na moja. Wao walikula tarehe tano Mei. Wiki tano! Nilimpigia simu mdogo wangu nikamweleza chanzo, kana kwamba aliniuliza. Kalenda ya zamani ya Warumi iliurefusha mwaka kwa dakika kumi na moja na kidogo. Dakika si kitu, lakini karne baada ya karne zilijikusanya zikawa siku. Mwaka 1582 papa mmoja alifuta siku kumi kwa mpigo ili tarehe ishirini na moja Machi irudi mahali jua lilipo kweli, pale usiku na mchana vinapolingana, maana Pasaka ni Jumapili inayofuata mwezi wa kwanza kujaa tangu siku hiyo. Waorthodoksi wa Mashariki hawakufuata. Leo pengo ni siku kumi na tatu, kwa hiyo Machi ishirini na moja ya kanisa lao ni Aprili tatu yetu. Mwezi uliojaa kabla ya hapo kwao hauhesabiki, wanasubiri mwingine. Na hata huo mwingine wanausoma kwenye majedwali ya kale yaliyochelewa siku kadhaa nyuma ya mwezi wenyewe wa angani.

"Kwa hiyo mnafuata mwezi usiokuwepo," nilimalizia.

"Sawa dada," alisema. "Ila tunakula wote pamoja, mkubwa na mdogo."

Tarehe tano Mei aliandika kwenye kundi la familia kwenye simu: Kristo amefufuka, karibuni Turiani, na mama nitamfuata mwenyewe kwa gari. Mama, aliposomewa, alitaka kwenda. Alikuwa tayari amemwagiza jirani amfulie kitenge. Nikampigia. "Mama, Pasaka yako umeshakula. Utaenda kula ya pili ya nani? Mwaka mmoja una ufufuko mmoja." Akasema haya, na kitenge kikarudi sandukuni. Mimi ndiye niliyekuwa msimamizi wa kundi. Nikabonyeza jina la mdogo wangu, nikamwondoa. Nilifanya hivyo huku nimekaa kwenye kochi, najua fika ni askofu gani ninayemwiga, na nikajiona nina haki.

Kwetu Waluguru watoto ni wa upande wa mama, na mwenye neno la mwisho ni mjomba. Alinipigia kabla ya wiki kwisha.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba. Mpwa wangu, nasikia siku hizi unatoa watu kwenye ukoo."

"Ni kundi la simu tu, mjomba."

"Dada yangu amekonda. Ananiambia anaomba jambo moja, awaone nyie wawili mnakula sinia moja siku ya Pasaka, mara moja tu, kisha afe. Wewe mwenye shule, nitafutie hiyo siku."

Nilimrudisha mdogo wangu kundini usiku ule ule, bila kuomba radhi. Na siku niliipata bila kuitafuta, kwa kuwa iliandikwa kwenye majedwali yangu: mwaka 2025, mahesabu yote mawili, ya kwetu na ya kwao, yanatua tarehe ishirini Aprili. Nilifurahi mno. Nilimwandikia mdogo wangu, naye akajibu kwa maneno matatu: Nitakuja, dada. Asante.

Mwezi wa kwanza mwaka huo mama alipata kiharusi. Mkono na mguu wa kushoto vikalala. Akili ilibaki lakini siku zikamchanganya, leo na juzi vikawa kitu kimoja. Jirani mjane alihamia kwake kumwangalia. Nilipopanda kumwona mwezi wa pili, swali lake lilikuwa moja tu, tena na tena: ni lini?

Kalenda ya ukutani haikumsaidia, tarakimu alikuwa hazioni. Lakini kitanda chake kilitazama dirisha, na dirisha lilitazama upande wa kuchomoza mwezi. Mama alipanda mazao yake yote kwa kuutazama mwezi. Nikaona nimepata njia. Nilimweleza Nikea, mtaguso wa mwaka 325, nikimkanda ule mkono uliolala. Nilimwambia maaskofu walikusanyika chini ya Kaisari, wakachoka kugombana, wakakubaliana kwamba Wakristo wote watakula Jumapili moja na hawatawasubiri tena Wayahudi wawapangie. Hesabu yenyewe hawakuiandika pale. Aleksandria, mji wa wanajimu, ndiyo uliotoa majedwali, mzunguko wa miaka kumi na tisa ambao mwezi huchukua kurudia tarehe zake, na askofu wa huko akawa anapeleka barua kila mwaka kutangaza siku. Hata Roma ilishindana na majedwali hayo karibu miaka mia mbili kabla ya kuyakubali.

"Mwezi upi?" mama aliuliza. "Wa kwenye karatasi au wa juu?"

"Wa juu, mama. Mwezi wa nne, mwezi ukifika kumi na nne, Jumapili inayofuata. Yake mdogo wangu na yetu. Tutakuja wote."

Alirudia polepole, kwa mdomo uliopinda: mwezi kumi na nne, Jumapili inayofuata. Nikampongeza kama mwanafunzi. Kuna kipengele kimoja nilikiacha. Nilikijua, nimekifundisha miaka yote, lakini niliona cha nini kumchosha mgonjwa.

Kipengele chenyewe ni hiki. Mwezi ukijaa siku ya Jumapili yenyewe, Pasaka haiwi Jumapili hiyo. Inasukumwa mbele wiki nzima.

Mwaka 2025 mwezi ulijaa Jumapili, tarehe kumi na tatu.

Yaliyotokea nilielezwa na jirani. Jumamosi jioni masika yalitulia, mawingu yakaachana, na mwezi ukachomoza mzima juu ya mlima. Mama akauona. Akaita, "Kesho wanangu wanakuja." Asubuhi kengele ya kanisa ikalia, akajua ni Jumapili. Jirani alimwambia, "Mama, leo Matawi, Pasaka bado wiki." Mama akamkatalia kabisa. Akasema, "Hiyo ya wiki ijayo ni Pasaka ya hapa kijijini. Wanangu wana Pasaka mpya iliyopatanishwa, mwanangu mwalimu ndiye aliyenifundisha." Akaamuru jogoo wawili wachinjwe, mmoja wa kila mtoto, aliokuwa amewaweka kwa ajili hiyo. Jirani alinipigia simu mara mbili. Mimi nilikuwa kwenye maandamano ya Matawi na wanafunzi, simu iko kwenye mkoba. Jioni nilipopiga, mtandao wa Mgeta ulikuwa umekufa kwa mvua. Jumatatu nilimpata, akaniambia tu kwamba mama amechoka kidogo. Alishindwa kunieleza kwenye simu, na simlaumu.

Tarehe ishirini nilimsubiri mdogo wangu njia panda ya Sangasanga. Alifika saa tano asubuhi kwa pikipiki, macho mekundu, wao hukesha ibada hadi alfajiri. Alisimama mbele yangu akasema, "Kristo amefufuka."

Miaka minne nilikuwa siitikii salamu hiyo. "Amefufuka kweli," nikasema, na tukakumbatiana pale barabarani, watu wanatuangalia. Nilibeba nyama, yeye alibeba mayai yaliyotiwa rangi nyekundu, desturi ya kwao. Tulipanda na lori dogo la kanta lililokuwa linarudi kufuata kabichi, tumekaa nyuma kwenye matenga matupu, na njiani alinichekesha hadi mbavu zikaniuma. Nakumbuka niliwaza kwamba tumefika.

Mama alikuwa amelala ubavu, uso ukutani. Jirani alitupokea mlangoni bila kutuangalia machoni.

"Shikamoo mama," tulisema kwa pamoja.

"Marahaba." Hakugeuka. "Mmefuata nini?"

"Pasaka, mama. Tumekuja wote wawili."

"Pasaka imeshapita. Nilikaa kutwa. Huyu hapa shahidi, nilimwambia anikalishe nione njia. Kutwa nzima."

Jirani ndipo akaeleza yote, analia. Nilipiga magoti kando ya kitanda, nikaanza kufanya kitu pekee ninachokijua, nikafundisha. Nilimwambia mama, hukukosea, mwezi uliuona sawasawa, ila ukijaa Jumapili yenyewe siku husogezwa mbele wiki moja.

"Kwa nini?"

Sijawahi kuulizwa swali hilo darasani. Jibu lake nilikuwa nalo na lilikuwa fupi: waliosukuma siku hiyo mbele walifanya hivyo ili Jumapili yao isije ikaangukia ile siku ya kumi na nne, wakajikuta wanakula Pasaka siku moja na Wayahudi. Nilitafuta namna ya kulipamba, sikuiona.

"Ili wasile siku moja na wengine, mama."

Akasema, taratibu, neno baada ya neno, kwa kuwa mdomo haukumtii, "Basi wameweza."

Mdogo wangu akasema mama, tupo, chakula kipo, tupakue kwenye sinia, tule sasa hivi. Mama akasema yeye alishakula. Alisema alitutengea mafungu yetu kwenye majani, kila mtu na jogoo wake, yakawekwa kichanjani. Siku ya tatu yakaanza kutoa harufu, akavumilia. Siku ya nne akamwambia jirani akayatupe mtoni, maana aliona aibu nyumba inuke mbele za watu kwa watoto ambao hawakutaka kuja.

"Tulitaka, mama," nilisema. "Tarehe ndiyo leo. Kwake na kwetu, ni leo."

"Leo sijui," alisema. "Mimi nilifuata ulivyonifundisha."

Tulipakua hata hivyo. Mdogo wangu alimwinua kichwa, nami nikapeleka kijiko. Alikitazama, akakaza midomo kwa upande ule mmoja uliokuwa bado na nguvu, akageuka tena ukutani. Nilijaribu mara tatu. Mara ya tatu mdogo wangu alinishika mkono, akaniambia niache. Mama aliishi wiki sita zaidi, akila kwa mkono wa jirani peke yake.